Chuma cha kutu hakipo

*Mwalimu, nafundisha vijana kutengeneza vifaa vya michezo ya kompyuta kwa Blender. "Metallic" na "Roughness" tuziite "uchuma" na "mikwaruzo"? Na chuma cha kutu nikiwekee uchuma kiasi gani? Wengi wanasema nusu.*

Metallic iite umetali. Chuma ni neno letu la Kibantu na linataja metali moja tu, ilhali shaba na dhahabu nazo zinapimwa kwa kitelezi hichohicho. Metali tumelitoa kwa Waingereza, na asili yake ni Kigiriki, ambako lilimaanisha mgodi. Vijana wakizoea "uchuma" nitavumilia. Roughness, hata hivyo, si mikwaruzo. Mkwaruzo ni mstari ambao jicho linauona na ukucha unaugusa. Roughness ni vinundu vidogo mno kuonekana, vinavyotawanya mwanga mpaka mng'ao ukatanuka na kufifia. Mimi naiita mparuzo: 0 ni kioo, 1 ni ukuta wa chokaa.

Lakini "chuma cha kutu" sikivumilii, na ndicho kilichozaa hiyo nusu.

Kikombe cha udongo kimefinyangwa kwa udongo. Mkufu wa dhahabu umefuliwa kwa dhahabu. Je, chuma cha kutu kimefuliwa kwa kutu? Kutu ni zao la chuma kukutana na maji na oksijeni, na likishazaliwa si metali tena. Kiswahili kina neno lake, "chenye": chuma chenye kutu. Hapo msikilizaji anaona vitu viwili, kimoja kimekaa juu ya kingine. Akisikia "cha kutu" anaona kitu kimoja kilichochanganyika, anaweka umetali 0.5 kote, anaondoka.

Matokeo yake nimeyaona mara nyingi. Kwenye metali, Base Color ndiyo rangi ya mng'ao wenyewe. Kwenye kisicho metali, Base Color ni rangi ya mwili wake, na mng'ao wake ni mweupe na hafifu, kama asilimia 4 ya mwanga ukitazama uso moja kwa moja. Ukiweka nusu, ukahawia wa kutu unaingia kwenye mng'ao, na kutu inafanana na shaba iliyochoka. Izungushe taa nyeupe: doa la mng'ao juu ya kutu likirudi la kahawia, umetali umevujia mahali pasipo pake.

Chukueni jembe la mkono lililolima misimu kadhaa. Mdomoni udongo umelisugua hadi linameremeta. Katikati limefifia. Shingoni, karibu na mpini, maji yametuama na kutu imekula. Mdomo na katikati vyote ni umetali 1, na rangi ni moja, kijivu cha chuma, takriban 0.56, 0.57, 0.58. Kinachotofautiana ni mparuzo tu: mdomoni naanza na 0.25, katikati 0.5. Shingoni umetali ni 0, rangi ni kahawia, mparuzo kama 0.9. Namba za mparuzo ni za kuanzia, zirekebishe kwa kulinganisha na jembe halisi. Zile za umetali hazina mjadala. Na jembe likiwa bado na rangi ya dukani mahali fulani, hapo nako ni 0, maana mwanga unakutana na rangi kabla ya chuma.

Angalieni pia kwamba jembe limechakaa zaidi pale linapong'aa zaidi. Ndiyo maana "kilichochakaa" peke yake hakimsaidii fundi. Sema mdomo umelika, shingo imeota kutu, rangi imebambuka, na kila kitenzi kitakuonyesha namba ya kugusa.

Kuvitenganisha, chora picha moja ya nyeusi na nyeupe, nyeupe ikiwa penye kutu. Picha hiyo ichague kati ya rangi mbili na mparuzo wa aina mbili, na ukiigeuza, nyeusi iwe nyeupe, ndiyo umetali wako. Kijivu kibaki kwenye ukingo mwembamba tu, pale pikseli moja inapobeba chuma na kutu pamoja. Hapo 0.5 ni halali.

Picha za umetali na mparuzo ziwekwe Non-Color kwenye Image Texture. Zikiachwa sRGB, kijivu cha 128 hakisomwi 0.5 bali kama 0.22, na katikati ya jembe panang'aa kama mdomo. Mwanafunzi wako atahangaika na taa usiku kucha, na kosa liko kwenye menyu hiyo ndogo.