Bei iandikwe juu, mwezi utajwe: nilivyoandika maelezo ya video yetu ya Hifadhi ya Nyerere

Wiki iliyopita dada mmoja wa Masasi, naye anaanzisha kampuni ndogo ya utalii, ameniandikia hivi: "Kaka, video yangu ya Nyerere ni nzuri, simba wapo, tembo wapo, lakini wanaonipigia ni wa kuuliza bei tu, wakishaisikia wanakata simu. Yako inaleta watu. Umefanyaje?" Nimemjibu kwa simu, tukaongea mpaka salio likaisha. Haya mengine nayaandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Sisi tuko Lindi mjini. Tuna gari moja aina ya Landkruza yenye paa la kufunguka, na mwaka huu kwa mara ya kwanza viti vya Agosti na Septemba vimejaa kabla Julai haijaisha. Naona fahari, sifichi. Picha tulipiga kwa kamera ya kawaida. Kazi kubwa ilikuwa kwenye maandishi yanayokwenda na video: kichwa, maelezo ya chini, sura zinazogawa video vipande, na tagi, yaani metadata. Watu wengi huyajaza dakika ya mwisho huku video inapanda.

Nianze na bei, maana ndiyo inayoniuma. Kuna kampuni ilitoa video yenye kichwa cha safari ya Selous kwa laki moja na nusu. Mzee mmoja wa Mikindani alinipigia akaniita mwizi, kwa kuwa mimi nilimtajia zaidi ya mara tatu ya hapo. Laki moja na nusu ile haikuwa na ada ya hifadhi, wala boti, wala malazi, na ilihesabiwa kwa gari lililojaa. Hayo yote mteja aliyajua akiwa tayari njiani. Neno lile la mzee lilinikaa moyoni muda mrefu, na ndilo lililonifanya niweke hesabu yetu hadharani.

Hesabu yenyewe iko hivi. Safari yetu ni siku 3, usiku 2. Siku ya kwanza tunatoka Lindi, tunapita Nangurukuru na Somanga, tunavuka daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, tunafika Kibiti, kisha tunaingia barabara ya vumbi hadi Mloka, kijiji kilicho jirani na lango la Mtemere. Siku ya pili ni hifadhini kutwa nzima, ikiwemo boti. Siku ya tatu tunarudi. Gari, mafuta, dereva, mwongozaji na ada ya gari vinagharimu shilingi 1,500,000, wawe watu sita au watatu. Chakula, malazi ya Mloka, boti na ada ya hifadhi ya raia ni 230,000 kwa kila mtu. Wakiwa sita, mtu analipa 480,000. Wakiwa watatu, analipa 730,000. Zote mbili ni bei za kweli, na tofauti yake ni gari tu. Ukiandika "kuanzia 480,000" bila kusema ni ya watu sita, umedanganya hata kama namba ni sahihi.

Sasa swali ni uiandike wapi. Kichwa cha video YouTube kinabeba herufi 100 tu, na kwenye simu mwisho wake hukatwa. Maelezo yanabeba herufi 5,000, lakini mtazamaji anaona mistari miwili mitatu ya mwanzo, mingine imefichwa mpaka abonyeze. Kwa hiyo mistari ile ya mwanzo ni mahali pa bei na miezi. Wengi huanza na "Karibuni sana kwenye chaneli yetu, usisahau kusabuskraibu", wakati mwenye pesa mkononi anatafuta namba. Yetu inaanza hivi:

```
Siku 3 kutoka Lindi: TSh 480,000 kwa mtu (watu 6),
TSh 730,000 (watu 3). Ada ya raia, boti, chakula,
malazi vimo. Bei ya Julai–Desemba 2025.
Wanyama wengi: Juni–Oktoba. Machi–Mei hatuendi.
```

Angalia mstari wa tatu. Bei ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi, na mabadiliko ya ada na tozo mara nyingi huja na tarehe hiyo, kwa hiyo bei isiyo na tarehe ni ugomvi unaosubiri mteja. Chini yake tumeandika pia kwamba mgeni asiye raia wa Afrika Mashariki ana ada yake, kubwa zaidi, na ada ya hifadhi ina muda wake. Hilo la muda lina maana kubwa. Ukiingia saa moja asubuhi na kutoka jioni, umelipa siku moja. Ukichelewa ukaingia mchana na unataka kulala ndani na kuzunguka kesho yake hadi jioni, hesabu inabadilika. Sisi tunalala Mloka, nje ya lango, kwa sababu hiyo.

Kitu kingine: usiitaje bei kwa mdomo ndani ya video. YouTube haikuruhusu kupakia faili jipya juu ya video ileile. Ukitaka kubadilisha alichosema msimulizi, labda ukate kipande hicho, au upandishe video mpya uanze upya bila watazamaji wala maoni. Maandishi ya chini unayabadilisha hata ukiwa kwenye daladala, na video inabaki na kiungo chake. Kwenye video yetu msimulizi anasema tu "bei ya sasa iko hapo chini, na tarehe yake". Na mkiandika maelezo, msitumie alama za `<` na `>` kama mishale ya kuonyesha bei, kwa sababu YouTube inazikataa na haitahifadhi mpaka uzitoe.

Jina la hifadhi nalo linahitaji uaminifu. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilianzishwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba la Selous, na Selous iliyobaki bado ipo kama pori la akiba. Lakini watu wanaendelea kutafuta Selous, nimeona kwenye takwimu zetu. Fungua YouTube Studio, unakosimamia chaneli yako, ingia kwenye takwimu za video, tazama sehemu ya utafutaji wa YouTube, utaona maneno waliyoandika watu kabla ya kukufikia. Kwa hiyo kichwa chetu kimeandikwa:

```
Hifadhi ya Nyerere (zamani Selous) kutoka Lindi: siku 3, bei kamili na miezi mizuri
```

Jina la hifadhi limetangulia, kwa kuwa ndilo lisilotakiwa kukatwa kwenye simu. "Kutoka Lindi" limewekwa ili mtu wa Mtwara, Nachingwea au Ruangwa ajue gari linaanzia huku, asidhani lazima apande basi hadi Dar kwanza. Hatukuandika "safari ya Lindi", kwa sababu lango tunaloingilia liko Rufiji, mkoa wa Pwani. Tagi zenyewe usizihangaikie. YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, zinafaa zaidi kwa maneno ambayo watu hukosea kuyaandika. Tuliweka chache, "selou" na "nyerere mbuga" zikiwemo, tukaendelea. Na usirundike maneno ya tagi ndani ya maelezo, hilo linakatazwa na sera zao.

Msimu ndiyo sehemu ambayo kampuni nyingi za kwetu zinaikwepa. Ukweli ni kwamba Juni hadi Oktoba nyasi zimepungua, madimbwi yamekauka, na wanyama wanasogea mtoni na kwenye maziwa kama Manze na Nzerakera. Hapo tembo, viboko, twiga na mamba unawaona bila kuhangaika, na ukibahatika mbwa mwitu pia. Kuanzia Novemba mvua zinaanza, majani yanapanda, ndege wahamiaji wanakuja, mandhari yanapendeza sana, ila wanyama wanajificha. Machi hadi Mei udongo mweusi unanasa magari na kambi nyingi zinafunga. Hata barabara yetu kuu haina uhakika wakati huo. Kila mtu wa kusini anakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya na mafuriko yalivyokata barabara ya Dar na Lindi.

Tatizo ni kwamba pesa ya kusini haifuati kalenda ya wanyama. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na mkulima anashika pesa Novemba na Desemba, watoto nao wako likizo. Kishawishi ni kuchukua picha za Agosti na kuziuza Desemba. Sisi tulipiga picha misimu miwili, tukaitenganisha kwa sura, kila moja na mwezi wake:

```
0:00 Barabara, Lindi hadi Mloka
2:10 Yaliyomo kwenye bei
4:35 Boti mto Rufiji
7:50 Hifadhi ikiwa Agosti
10:20 Hifadhi ikiwa Februari
```

Sura zina masharti: ya kwanza lazima iwe 0:00, ziwe tatu au zaidi, zifuatane kwa mpangilio, na kila moja isipungue sekunde 10. Ukikosea moja, zote hazitokei, na hutapewa onyo. Utajua kwa kutazama mstari wa chini ya video: ukiwa mzima bila mikato, kuna sharti umelivunja.

Mwenye pesa ya korosho tunamwambia aje mwisho wa Oktoba, mnada wa kwanza ukishalipa na mvua haijashika. Akitaka Desemba tunampeleka, lakini akiwa ameshaitazama sura ya Februari na kuona nyasi zilivyo. Mama mmoja wa Newala aliitazama, akasema yeye anataka ndege na kijani kibichi, simba hana haja naye. Alikwenda, akarudi na furaha.

Dada wa Masasi nilimwambia afungue pia mchoro wa Studio unaoonyesha watazamaji wanabaki hadi dakika gani. Kichwa chake kinaahidi simba wakiwinda, na simba wake wamelala chini ya mti, dakika ya tisa. Mstari unaporomoka ndani ya nusu dakika ya kwanza. Watu hawaondoki kwa sababu video ni mbaya, wanaondoka kwa sababu kichwa kimewaahidi kitu kingine. Na ndugu zangu, mwenye kampuni ndogo hana jina kubwa la kumfunika mteja akikasirika. Anayekuja kwako anakuja kwa maneno uliyoyaandika, basi yaandike kama utakayoyasoma mbele yake mkiwa langoni.

Ukiweka tafsiri ya Kiingereza kupitia sehemu ya lugha kule Studio, namba na tarehe ziwe zilezile, na ada ya mgeni iwe na mstari wake wa peke yake. Wiki ya mwisho ya Juni fungua video zako zote, badilisha mstari wa tarehe na bei, halafu zitazame kwa simu ya mtu mwingine uone mistari ya mwanzo inaishia wapi. Mwezi Machi ukifika, bandika maoni yako juu ya mengine, yaseme safari zimesimama na zinarudi Juni.