Maswali na majibu: herufi ŋ ya Kiganda kwenye kibodi ya kawaida

Nina duka la unga Kisenyi, Kampala. Nyumbani ni Kiswahili, lakini wateja wengi huniandikia Kiganda na huwajibu kwa Kiganda. Nikishikilia n kwenye simu napata ñ peke yake, basi naandika hiyohiyo. Ile yenye mkia iko wapi?

Hiyo ñ iache, dada. Ni herufi ya Kihispania, na kwa macho ya Mganda inasomeka kama n iliyovaa kofia. Kibodi ya Kiingereza, ambayo ndiyo simu nyingi huja nayo, haiwekewi ŋ kwa sababu Kiingereza hakiihitaji. Kwa hiyo usitafute zaidi ndani ya kibodi hiyo, badala yake ongeza lugha.

Kama unatumia Gboard, ile kibodi ya Google, fungua mipangilio yake, gusa `Languages`, kisha `Add keyboard`, halafu andika Luganda kwenye sehemu ya kutafuta. Usipoiona kwa jina hilo jaribu Ganda. Ukishaiongeza, utahama kutoka lugha moja kwenda nyingine kwa kushikilia kitufe kirefu cha nafasi au kwa kugusa alama ya dunia. Ukiwa upande wa Kiganda, itazame safu ya herufi. Kama ŋ haina kitufe chake, shikilia n na utaiona ikichomoza. Kuna faida nyingine hapo: kibodi hukoma kuyapigia maneno ya Kiganda mstari mwekundu na kukulazimishia ya Kiingereza.

Simu ikikataa yote hayo, nakili ŋ kutoka kwenye ukurasa huu. Gusa alama ya ubao wa kunakilia juu ya Gboard, ishikilie ile ŋ uliyonakili, kisha chagua `Pin`. Usipoibandika hivyo, itafutika yenyewe baada ya saa 1, na kesho utaanza upya kuisaka.

Kubadilisha kibodi kila dakika kunanichosha, mimi naandika Kiswahili na Kiganda kwenye sentensi moja. Hakuna njia ya mkato? (Bodaboda, Jinja)

Ipo, tena kwa mtu kama wewe naiona bora kuliko kibodi ya pili. Kwenye Gboard ingia `Dictionary`, halafu `Personal dictionary`, chagua lugha unayoandikia, gusa alama ya kujumlisha. Juu unaweka neno kamili, chini unaweka kifupi chake. Kwenye iPhone ni `Settings`, `General`, `Keyboard`, `Text Replacement`.

Watu wengi wakifika hapo huweka ŋ peke yake, kifupi chake labda `nq`, kisha hulalamika kwamba haifanyi kazi. Kifupi hutambuliwa kikiwa neno linalosimama peke yake. Ukiandika `enqoma`, simu haioni `nq` ndani yake, inaona neno geni tu. Weka maneno mazima. Kwa ngoma, neno la juu ni eŋŋoma na kifupi ni `engoma`. Kwa ngano, juu eŋŋaano, chini `engaano`. Kwa "naenda", juu ŋŋenda, chini `ngenda`. Utaandika kwa herufi za kawaida jinsi vidole vyako vilivyozoea, na neno sahihi litatokea. Kwenye Gboard litakaa kwenye mstari wa mapendekezo na itabidi uliguse. Kwenye iPhone litajibadilisha lenyewe ukishagonga nafasi.

Maneno yenye ŋ ambayo mtu huyatumia kila siku si mengi kihivyo. Ongeza kila moja siku linapokukwamisha.

Mteja ameniandikia "eng'aano" kwa ng'. Nimjibu kwa ŋ au nifuate yake? (Kisenyi tena)

Mfuate. Tahajia ya kawaida ya Kiganda ni ŋ, lakini ng' ndiyo mbadala ambao watu wameutumia tangu enzi za mashine za kupiga chapa, kwa sababu ileile ya kukosa kitufe. Aliyeandika ng' hajakosea, na ukimrudishia ŋ itafanana na kumsahihisha mbele ya bei ya unga.

Kuna sababu nyingine ya kazi. Kesho akitafuta mazungumzo yenu kwenye simu yake ataandika `eng'aano`, na utafutaji utamletea jibu lako kama uliandika vivyo hivyo. Kwa simu, ŋ ni herufi inayojitegemea. Haihesabiwi kuwa n yenye pambo, wala kuwa n na g pamoja, kwa hiyo anayetafuta `eng'aano` hapati eŋŋaano. Hapo ndipo ñ inapokuwa mbaya zaidi, maana haipatikani kwa tahajia yoyote kati ya hizo mbili.

Kwenye orodha yako ya bei, bango la dukani na majibu uliyoyaandaa, hapo mwenyewe ndiye mwenye uamuzi: chagua ŋ na ubaki nayo. Kinachochefua ni kuona eŋŋaano mstari wa kwanza, eng'aano mstari wa tatu na eñano chini, zote za duka moja.

Mimi ni katibu wa chama cha akiba, Bombo. Natuma meseji za kawaida kwa wanachama. Nikiweka ŋ salio linakwisha haraka. Ni mtandao unaniibia?

Hapana, mzee, ni hesabu ya herufi. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160 ikiwa zote zimo kwenye orodha fupi ya herufi ambazo mitandao ilikubaliana tangu zamani. ŋ haimo. Ikiingia moja tu, meseji nzima huandikwa kwa mfumo mpana zaidi, na nafasi hushuka hadi 70. Ikizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Tangazo lako la herufi 150 lililokuwa meseji moja huwa meseji 3, na hiyo ni kwa kila mwanachama.

Cha kuchekesha, ñ imo kwenye orodha hiyo fupi. Ndiyo maana anayeikosea ŋ kwa ñ haoni salio likiyumba.

Kwa tangazo la watu wengi, tumia ng' na uitumie mwanzo hadi mwisho. Ila angalia alama yenyewe: iwe ' iliyonyooka. Ile iliyopinda, ’, nayo haimo kwenye orodha na itakukata vilevile, na iPhone hupenda kuipinda bila kukuuliza. Izime kwenye `Settings`, `General`, `Keyboard`, `Smart Punctuation`. Kabla ya kutuma, tazama kihesabio pembeni ya kisanduku cha kuandikia. Kikionyesha zaidi ya meseji moja ilhali maneno ni machache, kuna herufi ngeni imejificha mle. Wasapu haina shida hii, huko andika ŋ upendavyo.

Nina faili la majibu ya wateja, kurasa kadhaa, yote kwa ng'. Naweza kuamuru kompyuta igeuze kila ng' iwe ŋ kwa mkupuo? (Karani wa duka la jumla, Kampala)

Usithubutu! Chukua jibu la kawaida kabisa, la kusema unga wa ngano tunao, uje na mfuko:

```
Obuwunga bw'eng'aano tubulina. Leeta ensawo ng'ojja.
```

Ukiamuru kila `ng'` iwe `ŋ`, unapata hili:

```
Obuwunga bw'eŋaano tubulina. Leeta ensawo ŋojja.
```

Makosa ni mawili. La kwanza dogo: ngano huandikwa kwa ŋ mbili, na kompyuta imeweka moja. La pili ndilo linaloharibu maana. Ile "ng'ojja" haikuwa na sauti ya ŋ hata kidogo. Ni "nga ojja", yaani "ukija", na Kiganda kimeidondosha a na kuweka alama mahali pake. Sisi wa Kiswahili hunaswa hapo kwa urahisi, kwa sababu kwetu ng' ina kazi moja tu, ile ya ng'ombe. Kwa Waganda alama hiyo huonyesha pia irabu iliyodondoka, kama ilivyo kwenye bw'eŋŋaano palepale, na "nga" ni neno linalojitokeza karibu kila aya: ng'omwana ni "kama mtoto", ng'oyagala ni "ukitaka".

Fanya hivi. Kwanza nakili faili, ile ya zamani uiweke kando. Pili, geuza alama zote zilizopinda ziwe zilizonyooka, la sivyo utafutaji wako utaruka nusu ya maneno. Tatu, badilisha neno zima kwa neno zima: `eng'aano` iwe `eŋŋaano`, `eng'oma` iwe `eŋŋoma`, na mengine unayoyajua. Ukimaliza, tafuta `ng'` tena na upite kwenye zilizobaki moja moja kwa macho yako. Ukikuta ng' mwanzoni mwa neno, jaribu kuisoma kama "nga" ikifuatwa na neno kamili. Ikileta maana, iache ilivyo. Ikigoma, mwulize Mganda aliye karibu kabla ya kuigusa. Jibu letu lilipaswa kutoka hivi:

```
Obuwunga bw'eŋŋaano tubulina. Leeta ensawo ng'ojja.
```

Majina ya watu usiyaingize kwenye zoezi hili. Jina la mteja libaki kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, hata kama tahajia hiyo inakuwasha.

ŋ kubwa kwenye simu yangu ni kama n ndogo iliyokuzwa, kwa rafiki yangu ni N yenye mkia. Nani kakosea? (Gulu)

Hakuna. Ni herufi moja, kwa kompyuta namba yake ni `U+014A`, na kila muundo wa maandishi huichora kwa namna yake. Ukimtumia yako, kwake itaonekana kwa umbo la simu yake. Na kwa kuwa unaandika kutoka Gulu: Kiacholi nacho kina ŋ, kwa hiyo aŋo na ŋa ziwekee vifupi kama nilivyomweleza yule wa Jinja.

Kilugbara hakina shida ya mkia, shida yetu ni alama mbele ya herufi, kama 'ba. Simu inaipindua. (Arua)

Simu inadhani unafungua nukuu, ndiyo maana inaweka ‘ inayotazama upande mwingine. Kwenye iPhone zima ile `Smart Punctuation` niliyoitaja juu. Kwenye programu za kuandikia barua za kompyuta, gonga Ctrl na Z mara moja tu baada ya alama kupinduka: alama itarudi kunyooka na ulichoandika kitabaki. Kama una faili la majibu, geuza ‘ na ’ zote ziwe ' kwa mkupuo. Kwenu Kilugbara hilo ni salama, mradi humo ndani huna nukuu za kweli ulizotaka zibaki zimepinda.