Wadogo zangu wa frigo ya chanjo, mchoro wa mwezi si mapambo

Kila mwisho wa mwezi stajere wa hapa Bukavu wananiletea mchoro wa joto la frigo wenye makosa yale yale. Nawapenda, lakini nimechoka kuyasahihisha kimyakimya.

1. Andikeni koma, si nukta. Excel yetu ni ya Kifaransa. Ukiandika 4.5 inayachukua kama maandishi, na kwenye mchoro maandishi yanakuwa sifuri. Juzi mstari ulidondoka hadi 0 siku ya tarehe 9 jioni, mkuu wa kituo akashtuka, chanjo zote za Penta zikaanza kutolewa. Fishi ya joto iliyobandikwa mlangoni pa frigo ilisema 4,5. Ungetazama seli ungeona: namba inakaa kulia, maandishi yanakaa kushoto. Usomaji uliokosekana, acha seli tupu mstari ukatike. Usiweke 0, usibuni.

2. Fungueni Fridge-tag, kile kifaa kinachorekodi joto la frigo mchana na usiku, kabla ya kuchora, kwa sababu usomaji wa asubuhi na jioni hauoni usiku. Mwezi huo huo, tarehe 16 jioni, fishi ilisema 7,6. Tarehe 17 asubuhi ikasema 2,1. Zote ziko kati ya 2 na 8, mstari ukashuka vizuri, na wastani wa mwezi ulipendeza. Kumbe Fridge-tag ilikuwa na alama ya alarmu: −1,4, kwa muda wa saa moja na dakika 50. Alarmu ya baridi hulia joto likikaa −0,5 au chini yake kwa dakika 60. Mtu aliona 7,6, akageuza termostati na kwenda nyumbani. Usiku ukapoa, frigo ikazidi kuvuta. Termostati inarekebishwa asubuhi, saa ambayo frigo iko baridi kuliko wakati wote, si jioni.

Kwa hiyo, pamoja na mstari wa usomaji, ongezeni mstari wa joto la chini kabisa na la juu kabisa la kila siku. Wastani ufuteni. Ile −1,4 ipewe nukta nyekundu.

3. Chini ya nukta andikeni kilichofanyika. Mdogo wangu mmoja aliandika «imeshughulikiwa». Nani? Vipi? Tarehe 17 iliandikwa hivi mwishowe: Penta, PCV-13 na Td zimewekwa kando na karatasi «usitumie»; jaribio la kutikisa limefanywa kwa kulinganisha na chupa ya loti ile ile iliyogandishwa makusudi usiku kucha kisha ikayeyushwa. Chupa ambayo chengachenga zake zinatuama haraka sawa na ile iliyogandishwa, inatupwa. VPI, chanjo ya polio ya sindano, haina aluminiamu, jaribio hilo haliisemi kitu, kwa hiyo ikishukiwa kuganda inatupwa moja kwa moja. Matone ya polio yamebaki, baridi haiyadhuru. Na pastille, ile alama ya joto iliyo kwenye chupa, msiiegemee hapa: inahesabu joto tu, chupa iliyoganda inaweza kuonyesha pastille safi kabisa.

Mwishoni wekeni saa mliyoarifu zoni ya afya, na saini.