Avata Iliyoziba Mwanya

Msomaji ameleta selfi yake pamoja na avata aliyoitengeneza kwa Stable Diffusion, programu ya akili mnemba inayochora picha, na swali moja: "Mbona huyu si mimi?" Kweli si yeye. Mwanya umezibwa, ngozi imepauka, na mistari ya twende kilioni imegeuka mawimbi. Aliacha `Denoising strength` kwenye 0.75, namba inayokuja yenyewe ukifungua `img2img`, sehemu ya kugeuza picha kuwa picha nyingine, kwenye WebUI ya AUTOMATIC1111, ukurasa wa kuendeshea Stable Diffusion.

Namba hiyo ndiyo inayoamua. Programu huimwagia selfi yako chenga, kama za televisheni isiyoshika stesheni, kisha huzisafisha huku ikichora upya. Kwenye 0 picha haiguswi. Ukikaribia 1, uso wote umezama, na kinachochorwa ni maneno uliyoandika tu. Kwenye 0.75 kitu kidogo kama mwanya kimeshapotea, kwa hiyo programu inabuni, na inabuni kwa kufuata sura ilizozizoea zaidi ilipofunzwa. Ndiyo maana meno yananyooka na ngozi inang'arishwa bila mtu kuomba.

Kata selfi iwe pikseli 512 kwa 512, uso ujaze sehemu kubwa. Kwenye `Seed`, namba inayopanga chenga, ondoa -1 inayozibadilisha kila mara, weka namba yoyote, mfano 1234, na usiibadilishe. La sivyo hutajua kilichogeuza sura ni kipi. Kisha toa picha nne, `Denoising strength` ikiwa 0.3, 0.4, 0.5 na 0.6. Kwa selfi hii, 0.3 ilibaki picha iliyopakwa rangi kidogo. 0.4 ilikuwa katuni yenye mwanya wake. Kwenye 0.5 mwanya ukawa kivuli, na 0.6 ikaleta binamu yake.

Usiishie kuandika "mwanamke anayetabasamu". Taja alama zako, kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha modeli inayoielewa vizuri:

```
cartoon portrait, dark brown skin, cornrows, gap between front teeth
```

Mwanya ukikataa bado, nenda `Inpaint`, sehemu ya kuchora upya kipande ulichopaka tu, paka mdomo peke yake, urudie.

Avata ya kundi la ukoo ibaki karibu na 0.4, shangazi akujue bila kusoma jina. Kwenye gemu unalocheza na watu usiowajua, panda hadi 0.6 au zaidi, ubakize nywele na mwanya: rafiki atakutambua, mgeni itamwia vigumu kukutafuta kwa sura. (Kung'arisha ngozi makusudi ni hiari yako, ila usiisingizie programu.)

Selfi ya mkono ulionyooka hukuza pua, na hakuna namba itakayoirudisha. Egemeza simu umbali wa mita moja na nusu, tumia taima, kisha ukate. Angalia pia kama kamera ya mbele imegeuza kushoto kuwa kulia. Wewe hutaona tatizo, kwa sababu umezoea kioo. Wenye kovu kwenye nyusi moja wataambiwa na wenzao.