Wageni wanauliza bei, kisha wananyamaza

«Nina vyumba vinne hapa Bukavu, karibu na ziwa. Natangaza malazi ya wikendi, watu wanauliza bei, kisha wananyamaza. Nakosea wapi?»

Ndugu, mara nyingi kosa liko katika bei isiyokamilika. Ukiandika «dola 40» tu, mgeni hajui kama ni kwa mtu au kwa chumba, wala kama chai ya asubuhi imo. Andika hivi: chumba kimoja cha watu wawili, kuingia Ijumaa na kutoka Jumapili, usiku mbili, dola 80 pamoja na chai ya asubuhi.

Kila bei iambatane na picha za chumba chenyewe, zilizopigwa asubuhi mapazia yakiwa wazi, ukisimama pembeni mwa mlango ili kitanda na dirisha vionekane pamoja. Bafu nalo lionyeshwe, kwa sababu mgeni asiyeliona hudhani linafichwa.

Kisha eleza hatua: mgeni atume jina, tarehe na idadi ya watu, wewe umjibu kwamba chumba kipo, ndipo alipe dola 24 kwa M-Pesa au Airtel Money, na 56 zinazobaki akifika. Usipokee malipo kabla ya kukagua daftari, maana chumba kimoja kuahidiwa watu wawili ni aibu kubwa. Mwambie mapema pia kwamba noti za dola zilizochanika hazipokelewi.