Chambua skripti kabla hujagusa bajeti

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa 24, na bajeti yake niliitengeneza kwa kugawanya tu. Nilikuwa nimesikia kwamba kundi dogo linaweza kushuti kurasa nne kwa siku, nikagawa, nikapata siku sita, nikazidisha kwa gharama ya siku moja. Siku ya tano hela ilikwisha na sini 11 zilikuwa bado. Mwenye nyumba tuliyokuwa tunaitumia Sinza alidai malipo ya siku ya tatu, na ilikuwa haki yake, kwa sababu tulirudi kwake mara tatu kwa kufuata mtiririko wa hadithi. Tangu siku hiyo sigusi bajeti ya mtu yeyote kabla sijaichambua skripti sini kwa sini.

Kazi yenyewe naifanya hivi. Skripti naisoma mara ya kwanza bila kalamu, niielewe hadithi. Mara ya pili nazipa sini namba na kuzipima urefu. Ukurasa mmoja tunaugawa vipande vinane, kila kipande ni kama inchi moja ya maandishi, kwa hiyo sini inaandikwa 3/8 au 1 5/8. Namba za sini zikishafungwa hazibadilishwi tena. Ikiongezwa sini katikati ya 12 na 13 inaitwa 12A, la sivyo karatasi za watu wote zinavurugika.

Mara ya tatu ndiyo yenye kazi. Nachukua kalamu za rangi na kupigia mstari kila kitu ambacho lazima mtu akitafute, akilipie au akibebe. Waigizaji rangi moja, eksitra nyingine, vifaa vya kushikwa mkononi nyingine, nguo, magari, chakula kinacholiwa mbele ya kamera, wanyama. Kisha kila sini inapata karatasi yake: ni ndani au nje, mchana au usiku, lokesheni gani, nani wapo, nini kinahitajika.

Nikupe sini moja ya filamu niliyoisimamia baadaye, hiyo nayo ya kurasa 24. Sini ya 17, urefu 3/8, iliandikwa hivi: nje, kituo cha daladala, usiku. Mvua kubwa inanyesha. Daladala iliyojaa inasimama, Rehema anashuka, mfuko wake unachanika na machungwa yanatawanyika barabarani. Kijana anamsaidia kuokota. Hawasemi neno.

Ukiipitisha macho haraka utaona waigizaji wawili na mfuko wa machungwa. Ukiichambua neno kwa neno mambo yanabadilika. "Usiku" ni jenereta, mafuta yake, taa kubwa za kukodi, chakula cha usiku, na gari la kurudisha watu makwao. "Mvua kubwa" ni boza la maji, pampu na mipira. Mvua haionekani kwenye kamera kama haina taa nyuma yake, kwa hiyo ni taa nyingine tena. "Daladala iliyojaa" ni gari lenye dereva na konda, na mwenye gari anataka afidiwe hesabu yake. Ni eksitra 12 pia, ambao wanakula kama watu wengine. "Anashuka" kwenye mvua maana yake gauni la Rehema linalowa kwenye kila teki, yaani kila tunaporudia kuishuti sini, na huwezi kusubiri likauke, hivyo yanahitajika magauni matatu yanayofanana kabisa. Mifuko ya kuchanika tulihesabu minane. Juu yake kuna kibali cha Bodi ya Filamu, ambacho ni cha filamu nzima, na barua ya serikali ya mtaa kwa ajili ya barabara.

Kwa bei tulizopatana, sini hiyo peke yake ilikuja shilingi 1,295,000 juu ya gharama zetu za kawaida za siku, ambazo zilikuwa 620,000. Sini ya 9, mama na binti wanaongea jikoni kwa kurasa nne, haikuongeza hata elfu hamsini. Ndiyo maana nasema kurasa hazikwambii gharama.

Nikampelekea mwandishi karatasi hiyo. Sikumwambia aifute sini, nilimuuliza tu: dada, unahitaji nini hasa hapa, mvua au baridi ya baada ya mvua? Alikaa kimya kidogo, akasema anachotaka ni barabara tupu yenye maji na mtu asiye na haraka ya kuondoka. Akaandika upya, mvua ikawa imekatika. Tukalibakiza boza la kulowesha lami, maana lami yenye maji inarudisha mwanga wa taa na kupendeza sana, ila pampu ikaondoka, magauni ya akiba yakaondoka, na eksitra wakabaki wanne wanaoonekana dirishani gari likiwa linaondoka. Gharama ikashuka hadi 1,000,000. Kubwa zaidi, hakukuwa na kusubiri nguo kati ya teki na teki, kwa hiyo usiku huohuo tukaweza kushuti na sini ya 22, ya duka lililo mtaa uleule.

Hapo ndipo lilipo fungu kubwa la hela: kwenye siku. Karatasi zikikamilika nazimwaga sakafuni na kuzipanga kwa lokesheni kwanza, kisha mchana na usiku, kisha waigizaji. Skripti hii kwa mpangilio wa hadithi ilihitaji siku tisa. Sini zote za nyumbani tulizikusanya pamoja, za Kigamboni tukazipa siku yao, kwa sababu kuhamisha kundi kutoka Sinza hadi kule katikati ya siku kunakula saa tatu hata mambo yakienda vizuri. Mzee aliyeigiza babu alikuwa na sini tatu zilizotawanyika siku tatu, tukamwekea siku moja na kumlipa siku moja. Tukafika siku saba.

Lakini kupanga hivi kuna mtego wake, hasa kwenye vifaa. Simu ya Rehema ni nzima kwenye sini ya 6 na ina kioo kilichopasuka kuanzia sini ya 12. Kwenye hadithi ni simu moja. Kwenye ratiba yetu sini ya 14 ilishutiwa asubuhi na ya 6 mchana wake, chumba kilekile, kwa hiyo tulinunua simu mbili mbovu za aina moja pale Kariakoo, moja tukaipasua. Kila kifaa kinachovunjika, kuchanika, kuungua au kuliwa, jiulize maswali mawili: kinaonekana kizima baada ya hapo kwenye ratiba, na teki ni ngapi? Barua ambayo baba anaichana tuliiandika nakala sita kwa mwandiko wa mtu mmoja, tukatumia tano.

Baada ya hayo ndipo nafungua jedwali la bajeti, na kila mstari wake una namba ya sini pembeni. Prodyuza akiuliza jenereta ya nini, namwonyesha sini ya 17 na 22. Akitaka kupunguza, tunajua kinachopungua kwenye picha.

Mwisho kabisa naweka asilimia 10 ya dharura juu ya jumla, na siiruhusu iingizwe kwenye kitu kinachojulikana tayari. Kwenye filamu hii ilienda siku ya tatu, jirani alipoanza kujenga ukuta na fundi hakuwa tayari kusimamisha zege. Tulimlipia vibarua wake kwa saa mbili za kusimama, tukamaliza sini ya 9, akaendelea na kazi yake.