Barua kwa mwanangu: laki tatu za akaunti yenu

"Baba, shikamoo. Akaunti ya shamba niliyofungua na kaka imetoka laki tatu na mimi nipo Dar, sijatoa kitu. Nimekutumia picha ya taarifa ya benki. Haisemi nani katoa. Na mbona simu yangu inanionyesha salio tu, kutuma inakataa?"

Marahaba mwanangu. Picha nimeiona, nimeisoma na miwani yangu hapa barazani Newala.

Taarifa ya benki haiandiki mkono wa nani ulitoa. Inaandika njia, na hiyo imo kwenye safu ya maelezo ambayo wengi huiruka wakakimbilia salio. Tuanzie juu. Kulikuwa na 240,000, zikaingia 1,860,000 za korosho, ikawa 2,100,000. Tarehe 14 zikatoka 300,000 na ada 4,000, ikabaki 1,796,000. Hesabu imekaa sawa, hakuna kilichopotea njiani.

Sasa soma ule mstari wa laki tatu. Umeandikwa kwamba ni kutoa kwa wakala kwa kadi, na mwisho zimeachwa tarakimu nne za kadi. Akaunti ni moja, lakini kila mmoja wenu alipewa kadi yake, kwa hiyo tarakimu zinatofautiana. Nilimwomba kaka yako kadi yake tulinganishe. Hazifanani. Akatoa nyingine mkobani: ni ile yako, uliyomwachia pamoja na namba ya siri ulipokuja msimu uliopita. Anasema aliwalipa waokotaji wa korosho, na namwamini. Ila kwa benki, aliyetoa ni wewe. Kama zingetolewa dirishani, tawi lingekuwa na karatasi yenye saini, na mwenye akaunti anaweza kuomba aione.

Kuhusu nani anaweza nini, fomu mliyojaza mwanzo ndiyo inayoamua. Ninyi mliweka alama kwenye "yeyote mmoja". Maana yake kaka anaweza kuzitoa zote leo bila kukuuliza, nawe vilevile, na benki haina kosa. Mkichagua "wote wawili", hela haitoki bila saini mbili, lakini kadi kwa kawaida hamtapewa, kwa sababu mashine haijui kusubiri mtu wa pili. Msimu wa kulipa vibarua hilo litawasumbua. Kubadilisha pia kunataka saini zenu nyote.

Kuangalia ni kitu kingine. Mwenye jina kwenye akaunti huona miamala yote, ya kwake na ya mwenzake. Huduma ya simu huombwa kwa fomu yake, na ninavyoona wewe uliombewa kuangalia tu. Nenda tawini na kitambulisho, uombe pia ruhusa ya kufanya miamala kwa simu. Hapo hapo waulize ujumbe wa miamala unakwenda namba ya nani. Nadhani ni ya kaka peke yake, ndiyo maana ulichelewa kujua.

Kadi yako nimeichukua, ipo kwangu. Ukiipata, badilisha namba ya siri, na mpigie kaka yako kabla hujalala, amekasirika kidogo.

Baba yako